Kreatini na vitamini D: cha kununua, dozi yake, na maneno ya kopo ya kuachana nayo

Kila Januari, na kila baada ya Idi, swali ni lile lile: "Kocha, ninywe nini?" Mtu ananionyesha simu, kuna picha ya kopo jeusi lenye simba aliyeachama, na bei yake inaweza kulipa kodi ya chumba. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana nimeandika.

Ukiacha kahawa, saplimenti ya nguvu yenye ushahidi mzito kwa mnyanyua vyuma ni kreatini monohaidreti. Vitamini D nayo inafaa, ila kwa namna nyingine kabisa. Kreatini inaongeza juu ya ulichonacho, hata kama mwili wako hauna kasoro. Vitamini D inaziba pengo, na pasipo na pengo haina cha kuziba. Matangazo huzizungumzia zote mbili kana kwamba zinafanya kazi moja, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Nitatumia mfano wa ndugu wawili ninaowafahamu. Kaka ni fundi magari wa Temeke, kilo 68, anafanya mazoezi mara tatu kwa wiki. Dada yake yuko Leicester, Uingereza, anahudumia wazee zamu za usiku. Mwaka jana dada alimtumia kaka boksi la makopo manne, na kaka akaja nalo jimu kama lilivyo.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Mzani mdogo wa jikoni wa dijitali, unaosoma gramu moja moja.
- Mzani wa kupimia mwili.
- Daftari. Simu pia inafaa, lakini daftari halifutiki ukibadilisha laini.
- Kila kopo, chupa na kidonge ulichonacho nyumbani, vyote juu ya meza, pamoja na dawa za hospitali.
- Majibu ya kipimo cha damu, kama umewahi kupima figo au vitamini D.

Kama una ugonjwa wa figo, umewahi kuwa na mawe ya figo, una mimba, unanyonyesha, au una umri chini ya miaka 18, ishia hapa na uongee na daktari kwanza. Nasema hivyo pia kwa anayetumia dawa za kila siku.

Sehemu ya kwanza: kreatini

Nadharia ni fupi. Mwili hutengeneza kreatini yenyewe, kama gramu moja kwa siku, na mla nyama au samaki hupata nyingine kama gramu moja kutoka kwenye chakula. Karibu yote huhifadhiwa kwenye misuli, na kazi yake ni kurudisha nishati haraka unapofanya jambo zito la sekunde chache: kunyanyua, kuruka, kukimbia mita mia. Saplimenti hujaza ghala hilo hadi juu. Kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu nne hadi tano tu, kwa hiyo kulijaza kwa mishikaki ni gharama. Na kwa wanaouliza kila wiki: kreatini si steroidi, na haimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni.

1. Soma kopo kwa nyuma, siyo kwa mbele. Mbele kuna simba, nyuma kuna gramu. Unatafuta poda yenye kiungo kimoja tu. Ukinunua mtandaoni andika `creatine monohydrate` na uchague isiyo na ladha wala mchanganyiko. Utakutana na aina za haidrokloraidi, za ethili esta, na zinazosemwa zimepunguzwa asidi. Zote ni ghali zaidi, na hakuna iliyowahi kuonyesha kuipita monohaidreti. Ile ya ethili esta ilipopimwa ilifanya vibaya zaidi, kwa sababu sehemu kubwa yake huharibika kabla ya kufika kwenye misuli.

Katika boksi la fundi wetu, kopo la kwanza lilikuwa la kunywa kabla ya mazoezi. Mbele limeandikwa lina kreatini, na kweli inayo: gramu moja kwa kijiko. Ili afikishe gramu tatu ingebidi anywe vijiko vitatu. Lakini kijiko kimoja kina miligramu 200 za kafeini, kwa hiyo vitatu vinampa 600, wakati mtu mzima mwenye afya hashauriwi kuvuka kama 400 kwa siku nzima. Yeye alikuwa anakunywa vijiko viwili saa moja jioni, kisha ananilalamikia kwamba hapati usingizi. Kwa kopo la namna hii huwezi kupata kreatini ya kutosha bila kujidhuru kwa kafeini.

2. Piga hesabu ya bei kwa siku. Tuseme kopo la gramu 300 za kreatini tupu linauzwa shilingi 60,000. Kwa gramu 5 kwa siku ni siku 60, yaani shilingi 1,000 kwa siku. Kwa gramu 3 ni siku 100, yaani shilingi 600. Fanya hesabu hiyo kwa kila kopo unaloshawishiwa kununua. Kopo lisiloandika gramu za kila kiungo, likaandika tu jumla ya "mchanganyiko maalumu", lirudishe rafuni, maana hesabu hiyo haiwezekani.

3. Angalia kama limepimwa na mtu asiye muuzaji. Alama mbili zinazojulikana ni NSF Certified for Sport na Informed Sport. Alama ikiwepo usiiamini kwa macho, kwa sababu kuchapisha stika ni rahisi: ingia kwenye tovuti ya mwenye alama, utafute bidhaa na nambari ya toleo iliyochapwa kwenye kopo. Kwa anayeshindana na anaweza kupimwa dawa, hatua hii hairukwi. Poda ya kugawiwa kwenye mfuko wa nailoni, "nimekupunguzia kutoka kopo langu", usinunue kabisa.

4. Andika hali yako kabla ya siku ya kwanza. Pima uzito asubuhi, umetoka chooni, hujala, siku tatu mfululizo, kisha chukua wastani. Andika pia zoezi moja zito unalolijua vizuri. Fundi wetu aliandika: "Kilo 68. Skwati kilo 80, repu 8, ya tisa imenishinda." Mstari huo ndio utakaokuambia baadaye kama kitu kimefanya kazi. Ukiuruka utabaki na hisia, na hisia za mtu aliyetoka kulipa elfu sitini huwa nzuri siku zote.

5. Kunywa gramu 3 hadi 5 kila siku. Pima kwa mzani mara ya kwanza, uone gramu zako zinafika wapi kwenye kijiko cha nyumbani. Kijiko cha chai kilichofutwa juu kwa kisu huwa gramu tatu na kitu, lakini poda hutofautiana. Koroga kwenye maji ya uvuguvugu kama glasi moja na nusu. Maji baridi hayaiyeyushi vizuri, chenga hubaki chini, na ukizimwaga umemwaga dozi. Uji au chai ya vuguvugu ni sawa. Usikoroge ya wiki nzima kwenye chupa, kwa sababu ikikaa kwenye majimaji kwa siku kadhaa, hasa juisi kali, huharibika polepole.

Saa ya kunywa haina uzito. Asubuhi, baada ya mazoezi, na katika Ramadhani futari au daku, matokeo ni yale yale. Muhimu ni kila siku, hata siku usiyofanya mazoezi, kwa kuwa unajaza ghala.

Wengi watakuambia lazima uanze na dozi kubwa, gramu 20 kwa siku kwa siku tano hadi saba, zikigawanywa mara nne. Inafanya kazi, ghala linajaa ndani ya wiki. Lakini utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba gramu 3 kwa siku hufikia karibu kiwango kile kile kwa siku 28. Kama huna mashindano wiki ijayo, nenda taratibu. Dozi kubwa huharisha watu, na pia humaliza kopo mapema, jambo linalomfurahisha muuzaji.

6. Pima tena baada ya wiki nane. Zoezi lile lile, uzito ule ule wa chuma, mzani ule ule. Fundi wetu alifika repu 10 kwa kilo 80, na mwili kilo 69.4. Sehemu ya repu hizo ni mazoezi yenyewe, hilo tusidanganyane. Faida ya kreatini ni ya namna hiyo: repu moja au mbili za ziada kwenye seti nzito, ambazo kwa miezi hujenga msuli. Anayekuahidi kilo tano za nyama tupu kwa mwezi anakuuzia maji au anakuuzia kitu ambacho hakikuandikwa kwenye lebo.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kubwa ni kupima kwa kijiko cha kopo kilichojazwa kichuguu, gramu nane badala ya tano. Si hatari kwa mtu mzima mwenye afya, ila ni pesa unazozikojoa. La pili ni kunywa siku za mazoezi tu. La tatu ni kuacha wiki ya kwanza baada ya mzani kupanda kilo moja au mbili: hayo ni maji yanayoingia ndani ya misuli pamoja na kreatini, mafuta hayaji hivyo.

Sehemu ya pili: vitamini D

Hapa mambo yanageuka. Ngozi hutengeneza vitamini D yenyewe ikipigwa na jua lenye mionzi ya kutosha, na huku kwetu jua halina msimu wa kukosekana. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya vitamini D kwenye damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, na wastani wao ulikuwa 115 nmol/L, zaidi ya mara mbili ya 50 inayohesabiwa kutosha kwa watu wengi. Hakuna aliyekuwa akinywa kidonge. Ndiyo maana fundi anayeshinda gereji ya wazi na mikono nje hana cha kununua hapa.

7. Jiulize kama una sababu ya kupungukiwa. Wanaopungukiwa ni wanaoshinda ndani mchana kutwa, wanaofunika karibu mwili wote wanapotoka, wazee wasiotoka, na wanaoishi kaskazini ya mbali. Kioo cha dirisha huzuia mionzi inayohitajika, kwa hiyo kuketi kwenye jua la dirisha la ofisi hakuhesabiki. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Huko Ghuba, pamoja na joto lote lile, wenye vitamini D ndogo ni wengi kwa sababu watu hukimbilia viyoyozi. Uingereza wakazi wote hushauriwa kufikiria maikrogramu 10 kwa siku kuanzia Oktoba hadi Machi, na wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika hushauriwa hivyo kwa mwaka mzima.

Dada wa Leicester ana sababu nne kwa mpigo: zamu za usiku, kulala mchana, buibui, na baridi ya kaskazini. Kwake si jambo la kubahatisha.

8. Kama utapima, soma kizio kabla ya namba. Kipimo kinaitwa 25(OH)D. Maabara nyingine huandika ng/ml, nyingine nmol/L, na 1 ng/ml ni sawa na 2.5 nmol/L. Majibu ya dada yalikuja 27. Akampigia picha kaka yake, kaka akafungua jedwali lililozunguka WhatsApp linalosema "juu ya 20 ni salama", akamjibu, "Dada, uko vizuri, usihangaike." Jedwali lilikuwa la ng/ml. Majibu ya Uingereza yalikuwa ya nmol/L. Gawanya 27 kwa 2.5 unapata 10.8 ng/ml, na chini ya 12 ni upungufu wenyewe. Kumbe maumivu ya mifupa aliyoyalaumia baridi yalikuwa na sababu. Daktari wake alimpa dozi kubwa ya wiki kadhaa, kisha dozi ndogo ya kuendelea nayo.

Mtu mzima mwenye afya asiye na dalili wala sababu hana haja ya kupima. Mwongozo wa mwaka 2024 wa madaktari wa homoni wa Marekani unasema hivyo hivyo: chini ya miaka 75, bila sababu maalumu, usipime na usinywe zaidi ya mahitaji ya kawaida.

9. Jumlisha IU za kila chupa. IU ni kizio ambacho chupa nyingi hutumia kuandika kiasi cha vitamini. Kwa vitamini D, gawanya IU kwa 40 upate maikrogramu. Mahitaji ya kawaida ya mtu mzima hadi miaka 70 ni IU 600 kwa siku, baada ya hapo 800. Kikomo cha kutokivuka bila daktari ni IU 4,000. Dada alipomaliza dozi ya hospitali alikuwa na chupa tatu mezani: vitamini D ya dukani aina ya D3 yenye IU 4,000, vidonge vya vitamini mchanganyiko vyenye 400, na mafuta ya ini ya samaki yenye 400. Jumla 4,800 kwa siku, naye anadhani anakunywa "vitamini kidogo tu". Tulimwondolea zote tatu, akabaki na moja mpya ya 800. Mafuta ya ini ya samaki yana vitamini A nyingi pia, na mwenye mimba hatakiwi kuyanywa.

10. Chagua D3, na umeze na chakula chenye mafuta. Chapati, samaki wa kukaanga, mchuzi wa nazi, chochote. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, na kwa tumbo tupu na maji matupu sehemu yake hupotea. Kila siku kidogo ni bora kuliko rundo kwa mara moja: huko Australia wanawake wazee waliopewa IU 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wasiopewa. Matokeo hayo yalichapishwa 2010, na bado kuna wanaouza "sindano ya mwaka".

Ukipenda kuanzia sokoni badala ya dukani, samaki wenye mafuta, mayai na maini vina kiasi chake.

Maneno ya kopo

"Huzuia saratani na ugonjwa wa moyo." Jaribio kubwa la Marekani, VITAL, lilifuatilia watu 25,871 kwa miaka mitano na kidogo, nusu wakinywa IU 2,000 za vitamini D kila siku. Saratani haikupungua kwao, wala mishtuko ya moyo, na baadaye ikaonekana hata kuvunjika mifupa hakukupungua. Wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na hilo ndilo jambo lenyewe: ndoo iliyojaa haijazwi tena. Haimaanishi vitamini D haimsaidii dada wa Leicester.

"Hupandisha testosteroni." Kopo la pili la boksi lilikuwa hili, la mbigili. Kwa wanaume wenye afya mmea huo haujaonyesha kuipandisha. La tatu lilikuwa la asidi amino tatu za matawi, yaani vipande vitatu kati ya vile vinavyojenga protini. Misuli inahitaji asidi amino tisa muhimu, zote kwa pamoja, na maharage na dagaa unaokula vinakupa hizo tatu na nyingine. Fundi alilimaliza kwa sababu lina ladha ya embe, na sikumlaumu.

"Huyeyusha mafuta bila mazoezi." Hili ndilo la kuogopa kweli. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi sibutramini ndani ya vidonge vya "asili" vya kupunguza mwili, dawa iliyoondolewa sokoni huko 2010 kwa kuhatarisha moyo. Kidonge cha mitishamba kikikufanya moyo ukimbie siku ya kwanza, kitupe. Kopo la nne lilikuwa hilo, na tulilitupa.

"Kreatini hukatisha nywele." Hofu ilianzia kwenye utafiti mmoja wa 2009 wa wachezaji 20 wa raga wa Afrika Kusini. Homoni moja inayohusishwa na upara ilipanda, lakini nywele zenyewe hazikuhesabiwa. Jaribio la 2025 lililopima nywele kwa wiki 12 halikuona tofauti.

Mambo yakienda vibaya

*Tumbo linasokota au unaharisha kwa kreatini.* Punguza hadi gramu 3, au gawanya asubuhi na jioni, na hakikisha imeyeyuka yote. Chenga zikifika utumbo hazijayeyuka huvuta maji.

*Wiki nane zimepita, daftari halijasogea.* Hesabu kwanza siku ulizoruka. Kama hukuruka, angalia chakula na usingizi. Baadhi ya watu ghala lao lilikuwa karibu kujaa tangu mwanzo, hasa wala nyama na samaki wengi, na hao huona kidogo sana. Kwa hao, kuendelea kununua ni hasara.

*Umepima figo, kreatinini imepanda.* Kreatini na kreatinini si kitu kimoja: ya pili ni taka ya ya kwanza, na ukinywa kreatini huweza kupanda bila figo kuwa na kosa. Mwambie daktari unachokunywa kabla hajatoa damu. Anaweza kuagiza kipimo cha sistatini C, ambacho hakiguswi na kreatini. Lakini usijitibu kwa maelezo haya. Miguu ikivimba, mkojo ukipungua au ukiwa na povu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

*Vitamini D haipandi baada ya miezi mitatu ya kumeza vizuri.* Angalia dawa nyingine unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huimaliza haraka mwilini. Unene mkubwa na magonjwa ya utumbo pia huiteremsha. Dozi hapo hupangwa na daktari.

*Kiu isiyoisha, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu, akili kuvurugika, nawe unakunywa dozi kubwa ya vitamini D.* Acha leo, nenda upime kalsiamu kwenye damu, na ubebe chupa zote zilizokuwa mezani.